Nilivyowafanya wateja wangu wakate bima kabla ya kwenda kuhesabiwa Moshi

Mimi ni wakala wa bima hapa Dar. Kila Desemba Wachaga wanapopandisha kwenda nyumbani, nilikuwa natuma ujumbe uleule: "Ndugu mteja mpendwa, tunapenda kukukumbusha kuhuisha bima yako kwa usalama wa familia yako." Niliutuma kwa watu zaidi ya arobaini. Walijibu wawili, na mmoja aliuliza mimi ni nani. Bosi akanishauri niambatanishe picha ya gari lililopinduka. Nikamtii. Mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, unaniombea mabaya?"

Nikakaa na daftari langu, nikaona kitu. Bima nyingi hazikuwa zinaisha kabla ya safari. Zilikuwa zinaisha wao wakiwa huko huko, tarehe 27 au 28, na kila mtu alijiambia atakata akirudi. Maana yake wanaondoka na bima, wanarudi bila bima, na matrafiki wako njia nzima.

Nikamwandikia yule mama upya:

"Shikamoo Mama. Bima ndogo ya IST yako inaisha tarehe 28 Desemba. Umesema unarudi tarehe 3, kwa hiyo Same na Korogwe utazipita huna bima. Ukilipa leo, mpya inaanza tarehe 29, hupotezi hata siku. Ni 118,000, VAT imo. Ukimgonga mtu au gari la mtu, bima inamlipa yeye. IST yako hailipiwi hata taa. Ukitaka nayo ilipiwe, ni bima kubwa."

Hiyo sentensi ya taa ndiyo ilifanya kazi. Simu ililia kabla sijairudisha mfukoni. "Kwani miaka yote hii nalipia nini?" Nikamweleza. Gari lake tulilikadiria milioni 12. Bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani, yaani 420,000, ukiongeza VAT inafika kama laki tano hivi, pungufu kidogo. Na bado likipata ajali, sehemu ya kwanza ya matengenezo anaitoa yeye mwenyewe. Hiyo nilimwambia kabla hajalipa, maana mawakala wengi huimeza, halafu siku ya madai ni matusi. Akaguna, akachukua kubwa, nikaenda kulipiga gari picha pande zote.

Hela alilipa kwa kampuni, siyo kwenye simu yangu. Nikamwambia aingize namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, aione stika mwenyewe, maana karatasi mtu yeyote anaweza kuchapa.

Mwaka huo kati ya wale arobaini na kitu, waliokata kabla ya Krismasi walipita nusu. Bosi sasa anautumia ujumbe wangu ofisi nzima, ila ameunakili kama ulivyo. Juzi kijana wa bodaboda kanipigia kuuliza kwa nini ofisi yetu inamwamkia "Shikamoo Mama".