Kikombe kwa saa, si kwa kiu: ninavyopanga maji ya vibarua siku ya kumwaga zege

Siku ya kumwaga slabu mtu hachagui wakati wa kupumzika. Saruji ikishakutana na maji, kazi inakwenda mpaka zege lijae, na msururu wa watu wa karai ukikatika mahali pamoja wote wanasimama. Ninasimamia vibarua upande wa Fumba na kusini mwa Unguja, na siku hizo ndizo ninazozipangia maji kwa uangalifu mkubwa kuliko siku za kujenga tofali au kupiga plasta. Kipindi kigumu ni kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la kivulini linapofika nyuzi 32 au 33. Juu ya slabu kivuli hakuna.

Tatizo letu zaidi ni fukuto. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Likidondoka chini halijapoza kitu. Hewa ya kaskazi imejaa unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi, joto linabaki mwilini, na mwili unajibu kwa kutoa jasho zaidi. Kibarua ambaye shati lake linachuruzika anapoteza maji mengi na kupoa kidogo.

Kujua ni kiasi gani kinachopotea ninatumia mizani ya kusimamia, ile ya kawaida ya kupimia uzito. Kilo moja iliyopungua ndani ya saa chache za kazi ni lita moja ya maji, kwa sababu mafuta ya mwili hayayeyuki kwa kasi hiyo. Mfano ni wa kijana anayebeba karai. Saa 1 asubuhi, ameshakwenda haja ndogo, amevaa kaptura tu, ana kilo 68. Saa 4 anajifuta jasho, anapimwa tena na kaptura kavu ya aina ileile: kilo 66.6. Katikati amekunywa lita 2 na amekojoa mara moja, kiasi cha robo lita na kidogo, tuseme lita 0.3. Hesabu ni hii: kilo 1.4 zilizopungua, ongeza lita 2 alizokunywa, toa 0.3 za mkojo. Jasho lake ni lita 3.1 kwa saa tatu, yaani lita moja na kidogo kila saa. Kwa kazi nzito juani, kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa saa ni jambo la kawaida, kwa hiyo huyu si mtu wa ajabu.

Amepungukiwa na kilo 1.4 kati ya 68, asilimia 2 ya uzito wake. Hapo nguvu zinaanza kushuka, moyo unakwenda mbio zaidi kwa kazi ileile, na mtu anakosea hatua juu ya ngazi. Ukimuuliza, atakujibu, "Sheikh, sina kiu, nimekunywa sasa hivi." Na hadanganyi.

Kiu hailetwi sana na upungufu wa maji wenyewe. Inaletwa hasa na damu kukolea. Kuna sehemu ndogo chini ya ubongo inayopima ukolezi huo, na haipigi kelele mpaka ukolezi upande kwa asilimia 1 hadi 2. Kwa mtu wa jasho, hapo huwa ameshapoteza maji yenye uzito wa asilimia 1 hadi 2 ya mwili wake. Kisha jasho halitoki maji matupu, linatoka na chumvi. Chumvi ikiondoka pamoja na maji, damu inapungua wingi bila kukolea sana, na ile sehemu ya ubongo inaona mambo si mabaya. La tatu ndilo linalowahadaa watu wengi: mdomo na koo vikilowa, kiu inazimika ndani ya dakika chache, kabla maji yale hayajaingia kwenye damu. Mtu anapiga mafunda manne, anaridhika, anarudi kwenye karai akiwa na deni karibu lilelile. Wazee wetu wa kazi ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosogea.

Kwa hiyo kiu sikuifanya kengele. Kengele ni saa. Kabla ya kuanza, pamoja na chai na mkate, kila mtu anakunywa nusu lita ya maji taratibu. Baada ya hapo ni kikombe cha robo lita kila dakika 20, na kwa wale wa jasho jingi kila dakika 15. Ninamteua mtu mmoja, kazi yake asubuhi ile ni maji tu: anapita na jagi na vikombe kwenye msururu, mtu anapokea, anakunywa, anarudisha. Ndoo ikikaa chini kwenye mlango wa jengo, wa juu hawashuki. Kila mmoja ana kikombe chake chenye alama, maana kikombe kimoja cha kupokezana kinapitisha maradhi ya tumbo, na mwenye kuharisha hafai kabisa kusimama juani. Maji yenyewe ni yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na yawe baridi kiasi; ya uvuguvugu watu wanayakwepa.

Kwa genge la watu 16, vikombe vitatu kwa saa ni lita 12. Zege la saa nne linataka lita 48, kwa hiyo ninaweka madumu matatu ya lita 20 na zinazobaki ni za kunawa uso na kulowesha vitambaa vya shingoni. Kikombe cha kila dakika 20 hakilipi jasho lote la yule kijana. Kinamwacha na upungufu wa robo lita hivi kila saa. Hilo linavumilika, kwa sababu lengo la kazini ni asifike ile asilimia 2. Kinachobaki kinalipwa chakulani na jioni.

Sasa chumvi. Lita moja ya jasho hubeba wastani wa gramu 2 na nusu za chumvi ya mezani, lakini watu hutofautiana sana, kuanzia gramu moja hadi tano. Kijana wetu wa lita 3.1 amepoteza karibu gramu 8, kijiko cha chai kimoja na robo hivi. Mwenye jasho la chumvi nyingi utamjua shati likikauka: linabaki na mistari myeupe mgongoni na kwapani, na jasho linamchoma macho.

Saa ya kwanza ninatoa maji matupu. Kuanzia saa ya pili, kikombe kimoja maji, kinachofuata mchanganyiko. Kwa dumu la lita 20: vijiko vya chai 5 vya chumvi, vilivyosawazishwa juu kwa kisu, nusu kilo ya sukari, na ndimu za kutosha kuleta ladha. Chumvi na sukari nayeyusha kwanza kwenye jagi la maji ya moto, ndipo namimina dumuni na kulitikisa. Zikitiwa kavu zinalala chini, wa mwanzo wanakunywa maji na wa mwisho wanakunywa maji ya chumvi kali. Sukari haipo kwa ajili ya utamu peke yake: kwenye utumbo mwembamba sukari na chumvi huingia pamoja na kuvuta maji nyuma yao. Mchanganyiko huu una chumvi kama nusu ya ule wa kumnywesha anayeharisha, ambao ni nusu kijiko cha chumvi na vijiko sita vya sukari kwa lita moja. Unatengenezwa asubuhi na unamwagwa jioni, kwani siku ya pili umeshaanza kuchacha.

Onja maji kabla ya kupima chumvi. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kipimo hiki ni cha maji matamu. Na mwenye presha, maradhi ya figo au kisukari hapewi mchanganyiko mpaka aulize daktari wake. Kumeza chumvi kavu nakataza kabisa: inachafua tumbo na kuleta kichefuchefu.

Dafu watu wanalipenda na mimi silizuii, lakini lina potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho linaondoa chumvi zaidi. Ukitia chumvi kidogo kwa ncha ya kijiko ndani ya dafu, limekuwa kinywaji kizuri cha kazi.

Kuzidisha maji nako kuna hatari yake. Siruhusu zaidi ya lita moja na nusu kwa saa. Anayekunywa maji matupu mengi kuliko jasho lake damu yake inazimuka chumvi, ubongo unavimba, na dalili zake zinafanana na za joto: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Tofauti utaiona kwenye mizani na kwenye mkojo. Huyu uzito wake umebaki palepale au umepanda, vidole vimevimba, na mara nyingi mkojo wake ni mweupe kama maji. Usimwongezee maji, apelekwe hospitali. Aliyekaukiwa mkojo wake ni kidogo na wa rangi ya chai, na uzito umeshuka.

Kuna sababu moja ya kutokunywa ambayo haina uhusiano wowote na kiu: hakuna choo. Kibarua anayejua hana pa kujisitiri atakwepa kikombe chako. Choo cha makuti na kata ya kutawadhia vinatangulia dumu la kwanza.

Wageni wa kazi ya jua nawaanzisha kidogokidogo, siku ya kwanza sehemu moja tu ya tano ya muda wa juani, kisha wanaongezewa kila siku. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea. Ukishazoea unaanza kutoa jasho mapema, jingi zaidi, lakini lenye chumvi kidogo. Ramadhani ikiangukia kwenye kaskazi, ratiba ya vikombe haipo, basi kinachobadilika ni kazi: zege linamwagwa usiku baada ya futari na tarawehe.

Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba au akazirai, usimtie maji mdomoni. Mtoe juani, mvue shati, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu, huku gari la hospitali likiitwa. Kupoza kunaanza palepale, hakusubiri gari.

Jioni, kila kilo iliyopungua inalipwa kwa lita moja na nusu, taratibu kwa saa kadhaa, kwa kuwa sehemu inatoka tena kwa mkojo. Wali na mchuzi wa samaki, au bakuli la urojo, vinarudisha chumvi ambayo maji matupu hayana. Asubuhi inayofuata, kabla ya chai, wanapanda mizani tena. Aliyepungua kilo nzima kuliko jana asubuhi bado hajalipa. Huyo hapandi slabuni, nampa kazi ya kukunja nondo kivulini na jagi lake pembeni.