Choo cha kwanza cha mtoto mchanga: swali ninalomuuliza bibi

Mtoto mchanga akiletwa tumbo limejaa, swali langu la kwanza simuulizi mama. Huku kwetu Mtwara mzazi aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya siku moja tu, na akifika nyumbani anayemwogesha mtoto na kumbadilisha nepi ni bibi. Yeye ndiye aliyeiona ile nepi nyeusi ya kwanza, au hakuiona.

"Bibi, kile choo cheusi kinachonata kama lami kilitoka lini? Na kilitoka chenyewe, au mlikitoa?"

Watoto karibu wote waliotimiza miezi yao hupata choo hicho ndani ya saa 24, na wanaovuka saa 48 ni wachache sana. Njiti anaweza kuchelewa bila ugonjwa wowote, na hata mtoto ambaye mama yake alichomwa magnesiamu kwa kifafa cha mimba. Aliyetimia miezi, asiye na sababu kama hizo, akifikisha siku mbili bila choo, mimi namhesabu kuwa ana tatizo la neva za utumbo mpaka nithibitishiwe vinginevyo.

Swali la pili lina uzito kuliko la kwanza. Mtoto mmoja wa kiume aliletwa kutoka upande wa Tandahimba akiwa na siku 12. Alizaliwa na kilo 3.1, sasa ana 2.9. Mama alisema choo anapata, na kweli kilikuwa kinatoka. Bibi ndiye aliyetoa habari kamili: siku ya tatu alichonga kijipande cha sabuni ya mche, akakiingiza njia ya haja kubwa, choo kikatoka kingi kwa kishindo, tumbo likanywea, mtoto akanyonya vizuri. Baada ya siku mbili tumbo likajaa tena, wakarudia. Wakasema ni chango, wakampa na dawa ya gesi.

Hapo ndipo wengi tunapopotea, wahudumu tukiwa miongoni mwao. Choo kikitoka kwa kishindo baada ya kushtuliwa, watu hupumua. Kumbe kishindo chenyewe ndiyo dalili.

Sababu iko hivi. Mimba ikiwa kati ya wiki ya 5 na ya 12, seli za neva zinazouongoza utumbo husafiri kutoka juu kwenda chini. Kwa watoto hawa safari inakatika kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo kipande kisicho na neva huanzia kwenye tundu la haja kubwa na kupanda juu, mara nyingi kikiishia sehemu ya chini ya utumbo mpana. Kipande hicho hakijui kulegea, kimejifunga muda wote. Choo na hewa vinakusanyika juu yake, na ukipitisha kidole au sabuni umefungua mlango kwa dakika chache tu, kisha unajifunga. Ajabu yake ni kwamba utumbo uliovimba ndio mzima, na ule mwembamba unaoonekana wa kawaida ndio mgonjwa. Daktari wa Denmaki, Harald Hirschsprung, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1886, nao unaitwa kwa jina lake. Huwapata wavulana zaidi ya wasichana, na watoto wenye Dauni huupata zaidi ya wengine.

Nilimvua mtoto yule nguo zote. Tumbo lilikuwa gumu, linang'aa, mishipa inaonekana. Kwanza nilihakikisha tundu lipo na lipo mahali pake, kwa sababu tundu lililoziba au lililohama nalo huchelewesha choo. Kisha glavu, mafuta, kidole kidogo cha mwisho, taratibu. Ndani palikuwa patupu, na njia ilikibana kidole kama pete isiyo saizi yake. Nikasimama pembeni, si mbele, nikakitoa. Hewa na choo chepesi vikaruka mpaka ukingo wa kitanda. Kwa mtoto mwenye kinyesi kikavu cha kawaida kidole hukutana na kinyesi. Hapa hukutana na utupu, kisha bomu.

Wakati huo alitapika kijani. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga maana yake njia imeziba huko chini, na utumbo uliojinyonga nao hutapisha hivyo hivyo. Hayasubiri asubuhi. Nilisimamisha kunyonya, nikapitisha mpira wa tumbo kupunguza hewa, nikafungua dripu, nikapiga simu hospitali ya rufaa kabla gari halijawashwa. Nauliza moja kwa moja kama daktari anayepasua watoto wachanga yupo. Kama hayupo, ni afadhali kujua mapema kuliko kulala njiani, maana kutoka Mtwara hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500.

Tukisubiri gari nilimwosha utumbo. Natumia maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, yaliyopashwa yawe vuguvugu, na mpira laini wenye matundu pembeni. Maji ya bomba hapana, wala ya sabuni: utumbo uliovimba huyanyonya, chumvi ya damu inashuka, mtoto anapata degedege. Mpira unapakwa mafuta na kuingizwa polepole sentimita chache mpaka hewa isikike ikitoka. Ukigoma, usiusukume, utatoboa. Naweka mililita 10 kwa kila kilo, yaani kama 30 kwa huyu, naacha zirudi zenyewe kupitia mpira huku nikilipapasa tumbo, kisha narudia mpaka yatoke meupe. Kila kilichoingia na kilichotoka kinapimwa na kuandikwa. Yasiporudi, nasimama. Hii si enema ya kumwaga maji na kungoja mtoto asukume, kwa sababu kusukuma ndiko hakuwezi.

Kwenye barua ya rufaa naandika saa niliyomwosha na kumpima kwa kidole. Hospitalini watampiga picha kwa kupitisha njia ya haja kubwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakitafuta mahali utumbo mwembamba unapogeuka mpana, na kuosha kunaweza kuuficha mpaka huo. Mtoto aliyetulia angeachwa bila kuoshwa kwanza. Huyu tumbo lake lisingesubiri. Picha hata hivyo haimalizi maneno. Jibu la mwisho ni kinyama kinachokatwa sentimita kama mbili ndani na kuangaliwa kwa darubini. Chake hakikuwa na seli za neva hata moja.

Kwanza utumbo wake ulifunguliwa tundu kwenye ngozi ya tumbo ili choo kipitie hapo, akanenepa, baadaye akafanyiwa upasuaji wa kuondoa kipande kibovu na kuushusha ule mzima mpaka chini.

Si kila mtoto asiyepata choo yuko hivi. Anayenyonya maziwa ya mama tu, aliyevuka mwezi, anaweza kukaa siku kadhaa, na kikija ni laini, tumbo limelala, uzito unapanda. Huyo namwacha. Wa miaka minne aliyefunga choo baada ya kuanza ugali, anayechafua chupi, naye mara nyingi ni tatizo la kawaida. Lakini mama akisema "tangu azaliwe", tumbo kubwa, miguu myembamba, na chupi haichafuki, narudi kwenye swali la bibi hata kama imepita miaka.

Kinachoua zaidi ni utumbo kuvimba kwa maambukizi. Mtoto huanza kuharisha choo chenye harufu kali, na nyumbani hufurahi kwamba sasa kimefunguka. Huweza kutokea hata baada ya upasuaji. Kwa hiyo mama wa yule mtoto nilimwandikia kwenye kadi ya kliniki: tumbo likijaa, homa, kuhara kunakonuka, msimpe maji ya chumvi na sukari mkasubiri kuche, mleteni usiku huo huo, na kadi hii mkononi.