Siku moja gerejini: Corolla iliyosingiziwa sili ya nyuma

Saa 12:45 asubuhi. Nafungua geti la gereji, hapa Msamvu, Morogoro, na kabla hata ya kubadili nguo nainama chini ya Corolla 110 iliyolala hapa. Ni ya mwalimu mmoja wa sekondari: injini ya 5A, gia za mkono. Kila wiki anaongeza karibu nusu lita ya oili. Fundi aliyemwona kabla yangu alimwambia sili ya nyuma ya krenki, mpira unaozuia oili isitoke upande wa giaboksi, imekufa, giaboksi lazima ishuke, na akamtajia laki mbili na nusu. Mwalimu aliniletea gari jana jioni akiwa ameshazikusanya fedha hizo.

Jana usiku nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini, nikachora juu yake mahali tairi za mbele zilipo na upande iliko giaboksi. Sasa nalivuta. Matone manane, yote yameangukia mahali injini inapoungana na giaboksi. Nachukua tone kwa kidole na kunusa. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali kama ya kiberiti, hii haina. Ni oili ya injini.

Kwa hiyo fundi yule hakukosea mahali oili inapodondokea. Alikosea kudhani inapodondokea ndipo inapotokea. Oili ikitoka juu hushuka ikifuata ukuta wa injini, hushika kila ukingo inaoukuta, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Mwisho wake hujikusanya pale chini kabisa, kwenye maungio ya injini na giaboksi. Ukilala chini ya gari ukatazama juu, kila uvujaji utauona kama sili ya nyuma. Ndiyo maana mimi huanza na boneti, siyo na jeki.

Saa 1:30. Nafungua boneti, nawasha tochi. Injini ina tabaka la tope na oili la miaka, na juu ya uchafu kama huo huwezi kusoma chochote. Ninachoweza kuona ni kwamba sehemu ya juu kabisa yenye unyevu iko kwenye kona ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, upande wa giaboksi, juu ya distribyuta, ile inayogawa cheche kwenda kwenye plagi. Nachomoa nyaya za plagi pia na kumulika ndani ya visima vyake. Pakavu. Pangekuwa na oili humo, ningejua hata sili ndogo za visima zimekwisha.

Saa 2:00 hadi saa 3:30 ni kuosha. Injini imepoa. Nafunika distribyuta, altaneta na mdomo wa kuvutia hewa kwa mifuko ya plastiki, napaka mafuta ya taa kwa brashi, naacha kidogo, kisha sabuni ya unga na maji ya ndoo. Situmii mashine ya presha hapo juu, kwa sababu maji yakiingia kwenye distribyuta utatafuta kosa jingine mchana kutwa. Kijana wangu wa kazi anaifuta kwa kitambaa, jua linamalizia.

Wakati Corolla inakauka, inaingia pikapu iliyogonga jiwe. Hii haikunichukua dakika kumi. Ukingo wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, ulikuwa umelowa pande zote, mbele mpaka nyuma, lakini bloku juu yake ilikuwa kavu na vumbi lake halijaguswa. Hiyo ndiyo sura ya sampu: unyevu unaanzia kwenye mstari wa maungio na kushuka, haupandi. Kama ungekuta unyevu juu ya ule mstari, sampu ingekuwa inasingiziwa tu. Mwenye pikapu alikuwa ameshajaribu kukaza bolti mwenyewe, akakaza mno, na bati likabonyea kuzunguka matundu. Bati likishabonyea hivyo, gasketi hata iwe mpya haibanwi kati ya bolti na bolti. Itabidi tushushe sampu, tunyooshe ukingo kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, ndipo tufunge. Nimemwambia aje kesho.

Saa 4:00. Corolla ni kavu. Naiwasha, naiacha mpaka feni ya rejeta ijiwashe yenyewe, nazima. Sasa nachukua poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, na kuipuliza nyembamba kuanzia chini ya tapeti kava, kwenye uso wa silinda hedi upande wa giaboksi, kuzunguka distribyuta, mpaka kwenye maungio ya chini na ukingo wa sampu. Poda nyeupe ikiguswa na oili inageuka kahawia papo hapo, na njia ya oili inajichora yenyewe.

Kabla ya kuondoka nafanya kipimo kimoja cha chini. Kuna bati jembamba linalofunika flaiwili, gurudumu zito la mwisho wa krenki, kwa chini. Nalegeza bolti zake na kuchungulia ndani. Hapo ndipo sili ya nyuma inaposema ukweli, kwa sababu iko nyuma ya flaiwili. Ikivuja, flaiwili inayozunguka huirusha oili, na nyumba ya klachi hulowa kwa ndani kabla nje haijalowa. Ndani ya Corolla hii nakuta vumbi kavu la klachi, jeusi, linapukutika kwa kidole. Oili yote iko nje.

Mwezi uliopita nilikuwa na Hiace ya abiria yenye sura ya kinyume: juu kote kavu, bati likifunguliwa oili inachuruzika, na dereva analalamika injini inanguruma mlimani gari haliongezi mwendo. Klachi ilikuwa imelowa. Ile ilikuwa sili ya nyuma kweli, tukashusha giaboksi, na tulipotoa sili ya zamani tukakuta mdomo wake umechimba mstari kwenye krenki. Sili mpya ukiigonga mpaka kina kilekile inakaa juu ya mstari uleule na kuvuja tena, kwa hiyo tuliiweka milimita moja nje zaidi, mdomo ukapata chuma kisichochakaa.

Saa 4:45. Naendesha mpaka Kihonda na kurudi, nikipandisha mzunguko mara kwa mara. Nikifungua boneti, kijana wangu ndiye anayeona kwanza. "Fundi, imechora!" Mstari wa kahawia unaanza kwenye kona ya tapeti kava, unashuka juu ya distribyuta, unapita kwenye uso wa hedi mpaka maungio ya giaboksi. Poda ya ukingo wa sampu mbele bado nyeupe. Nyuma imelowa, lakini tu pale mstari unapofikia.

Nampigia Mwalimu. "Mwalimu, giaboksi haishuki. Nunua gasketi ya tapeti kava na oringi ya distribyuta." Akanyamaza kidogo, akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia apite mapumziko ya mchana aone mwenyewe, na alikuja, nikamwonyesha mstari kwa bisibisi kutoka juu mpaka chini. Nilitaka auone kabla sijaufuta.

Saa 8:00. Nafungua tapeti kava. Gasketi iliyomo imekuwa ngumu kama plastiki, inavunjika vipande ninapoikunja, na mtu aliwahi kujaza silikoni pande zote ili kuzuia. Hili linaniudhi, kwa sababu silikoni inayobaki ndani hukatika, hushuka na oili, na mwisho wake ni kwenye chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Chujio likiziba, utakuwa umezuia tone na kuua injini. Natumia karibu saa nzima kuisafisha kwa kucha na kipande cha plastiki, nikiwa nimetandika vitambaa juu ya kemshafti.

Gasketi mpya inakaa kavu kwenye mfereji wake. Silikoni naweka tone dogo tu kwenye kona, pale kepu ya mwisho ya kemshafti inapokutana na hedi, kwa sababu hapo kuna kijipengo ambacho mpira peke yake hauwezi kukijaza. Nati zinakazwa kwa spana namba 10, kidogo kidogo, nikizunguka mara mbili, bila kuvuta kwa nguvu. Kava ni jepesi na likipinda litavuja daima.

Halafu jambo linalosahaulika: vali ya kupumulia, ile iliyochomekwa kwenye tapeti kava na mpira wa kwenda kwenye manifoldi. Naichomoa na kuitikisa. Haigongi ndani, imeganda kwa masizi. Hewa inayovuja kupita pistoni haina pa kutokea, inasukuma kila sili na gasketi kwa ndani, na gasketi ya leo ingeanza kuvuja tena baada ya miezi. Mpya inapatikana hapo jirani kwa bei ndogo kuliko ya gasketi.

Saa 9:45. Silikoni imepata muda wa kushika. Nafuta, napaka poda upya, tunakwenda Kihonda tena. Kona ya juu sasa ni nyeupe kabisa. Lakini chini ya distribyuta kuna doa dogo la kahawia, upana wa ukucha.

Nilikuwa nalitegemea kidogo, ndiyo maana niliagiza oringi. Njia moja ilikuwa na vyanzo viwili, na cha juu kilikuwa kinaficha cha chini kwa sababu kila kitu chini yake kilikuwa kimelowa. Usingeweza kuwa na hakika ya distribyuta kabla kava halijakauka. Ningefunga boneti baada ya gasketi, Mwalimu angerudi wiki ijayo na matone mawili badala ya manane, na angesema nilimdanganya.

Nachora alama kwa msumari kwenye distribyuta na kwenye hedi ili irudi palepale, maana ikisogea muda wa cheche unabadilika na injini itavuta vibaya. Bolti zinatoka, distribyuta inachomoka, oringi ya zamani imekuwa bapa upande mmoja. Mpya napaka oili safi, narudisha alama kwenye alama.

Saa 11:30. Safari ya tatu. Poda nyeupe kutoka kona ya juu mpaka maungio ya chini. Naongeza oili mpaka alama ya juu ya kijiti na kukwangua alama ndogo ya tarehe kwenye fremu.

Mwalimu anakuja saa 12:10 jioni. Nampa gari na boksi jipya, nikiwa nimeshachora juu yake mahali tairi zinapokaa. "Liweke chini usiku wa leo na wa kesho, Mwalimu, halafu niletee hata kama hamna kitu." Amelikunja na kuliweka kiti cha nyuma, juu ya madaftari ya wanafunzi.