Kununua hisa kila mwezi au kungoja ishara ya chati

Mshahara wangu wa Kilindini huingia mwisho wa mwezi. Nikishalipa kodi ya nyumba Kisauni na kutenga akiba ya dharura, hubakia na shilingi 6,000 za hisa, pesa nisizokusudia kuzigusa kwa miaka 10.

Mwanzo nilikuwa nazingojesha. Nilinunua tu bei ilipovuka juu ya wastani wa bei za siku 200 zilizopita. Lakini wastani huo umeundwa na bei za nyuma, kwa hivyo ishara hutoka bei ikiwa imeshapanda. Chukua hisa iliyokuwa shilingi 20, mwezi uliofuata 15, kisha 12, ikarudi 15, halafu 20. Anayenunua kwa 6,000 kila mwezi hupata hisa 300, 400, 500, 400 na 300. Jumla ni 1,900, kila moja kwa shilingi 15.79. Aliyengoja akatumia 30,000 zote ishara ilipotoka kwenye 20 hupata 1,500.

Wapo wanaopendelea kununua RSI, kipimo cha 0 hadi 100 cha kasi ya bei kupanda au kushuka, ikishuka chini ya 30. Ikiwapa ishara pale kwenye 12, kweli wanatushinda. Tatizo ni kwamba bei ikiporomoka mfululizo, RSI huweza kuingia chini ya 30 mapema, bei ikiwa bado 17, na ikakaa huko. Na hisa ikipanda polepole mwaka mzima, ishara huenda isije kabisa. Tena kwenye soko la hisa la Nairobi hisa nyingi huuzwa kidogo kwa siku, na oda moja ndogo yaweza kusogeza bei ya kufunga. Chati ikionyesha mruko, mimi hutazama kwanza idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Ikiwa ni chache mno, ishara hiyo siihesabu.

Sasa siku tatu baada ya mshahara hutuma pesa kwa dalali na kuweka oda yenye kikomo cha bei, kwa bei ya wauzaji wa wakati huo au senti chache juu yake. Oda isiyo na kikomo kwenye hisa isiyo na wauzaji wengi huweza kukuangukia bei mbaya. Isipokamilika siku hiyo, kesho naisogeza mara moja tu. Gharama nazo nazihesabu: dalali akiwa na ada isiyopungua shilingi 100, ununuzi wa 2,000 umekula asilimia 5. Mwenye kiasi hicho bora akusanye miezi mitatu.

Utaratibu huu hauokoi kampuni mbovu. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa Julai 2020 zikarudi Januari 2025, na muda wote huo mwenye nazo hakuweza kutoka. Kushusha wastani wa bei kuna faida kampuni ikiwa hai, kwa hivyo 6,000 zangu nazizungusha kwa kampuni tatu, moja kila mwezi, na kila matokeo ya mwaka yakitoka natazama madeni kwanza, ndipo mgao wa faida. Madeni yakikua kuliko mapato miaka miwili mfululizo, pesa za mwezi huo zinahamia kampuni nyingine, hata chati ya ile yenye madeni iwe nzuri vipi.