Elfu kumi ya panya

Leo nimetoka kwa shangazi, Mbagala. Alikuwa ametenga elfu kumi anunue sumu ya panya. Nikamwomba tuigawe upya.

Jana usiku alisokota karatasi akaziba kila tundu. Asubuhi, karatasi moja tu, ya nyuma ya jiko, ilikuwa imesukumwa nje. Basi njia yao ni hiyo.

Tundu lenyewe dogo! Kidole changu hakikupita, penseli ilipita. Panya mdogo wa nyumbani hahitaji zaidi ya hapo.

Ndoo yenye mfuniko ya kuwekea unga na mchele, 5,000. Hiyo kwanza, maana panya akikosa chakula ndipo anaufuata mtego.
Stilwaya za kusugulia sufuria, 2,000. Tumezishindilia tunduni, tukafunika kwa saruji ya kupima ya 1,000, maana saruji mbichi peke yake huitafuna.
Mtego, 2,000. Umekaa ubavuni mwa ukuta, maana hawapendi kukatiza katikati ya chumba.

Sumu tumeiacha. Panya akifia darini ni harufu, na paka wa jirani akimla naye yumo hatarini.

Shangazi kashika ile karatasi: "Kumbe walikuwa wanapita hapa miaka yote!"

Kwenu mlianzia wapi?