Leo kawajibu mwenyewe

Mwanangu ana miaka 9, shingo yake inaruka kulia yenyewe, mwaka wa pili sasa, na darasani wamempa jina "kuku".

Wiki ya 3 hii tunafanya zoezi tulilofundishwa: akisikia ule mwasho shingoni kabla haijaruka, anashusha kidevu kidogo, anakaza shingo taratibu na kushikilia mpaka hamu ipite, kama dakika 1 hivi. Akichoka inamshinda, na hatumgombezi.

Leo wamemcheka tena, akawaambia "ubongo wangu unatuma meseji shingo iruke, sio makusudi, na haiambukizi", akaendelea kuandika.

Ananisimulia katikati akanyamaza, kidevu kikashuka, vidole vinahesabu pale mezani. Nikasubiri amalize.

Wenzangu wenye watoto hivi, walimu mliwaelezaje jamani?