Na manyani walisema nini?

Kisumu, Jumapili usiku

Jana tulimaliza kusoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, sisi wachache tunaokutana Jumamosi mchana huku Milimani kwa chai na mabishano. Kitabu ni cha mwaka 1952, tena ni chembamba, na wengi wetu tulikisikia kwanza shuleni, ambako mbinu yake kuu hutajwa kwa maneno manne, "hadithi ndani ya hadithi", kisha mwalimu anarukia kisengere nyuma. Nilidhani tungekimaliza upesi. Badala yake tulikaa mpaka mbu wakatufuata kutoka ziwani, kwa sababu ya swali la mwalimu mmoja mstaafu ambaye kwa kawaida huja kunyamaza tu: "Na manyani wenyewe walisema nini?"

Kwa asiyekumbuka: Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma mjumbe kwenda kufuatilia kodi ya Janibu, mji unaotawaliwa na Adili. Mjumbe anapokelewa vizuri. Usiku, akiwa mgeni nyumbani kwa Adili, anamwona mwenyeji wake huyo mpole akiwachapa kiboko manyani wawili waliofungwa. Anarudi na kumweleza mfalme. Rai anamwita Adili pamoja na wanyama wake na kumtaka ajieleze. Ni hapo tu, baada ya sisi kuona kiboko, ndipo Adili anapoanza kusimulia: manyani hawa ni ndugu zangu, Hasidi na Mwivu, walinitenda ubaya, jini mmoja, Huria, akawageuza, akaniamuru niwachape kila usiku, nisipofanya hivyo nitaadhibiwa mimi.

Nilipofika nyumbani nilijaribu kuipanga upya hadithi hii kichwani, nikalitoa ganda la nje, yaani ile habari ya mjumbe na Rai. Ianze na utoto wa Adili, ije biashara ya baharini, uje wivu wa ndugu, aje Huria, na kiboko kikae mwishoni kabisa. Matukio ni yale yale, lakini kitu kimeharibika. Ikipangwa hivyo, tunapofika kwenye kiboko tumeshawachukia Hasidi na Mwivu, na kila pigo linaonekana ni haki yao. Lakini kitabuni, mjini Janibu, tulikuwa hatujui lolote. Tuliona mtu mwema akifanya ukatili gizani, tukamshuku. Tukaingia barazani kwa Rai na kukaa upande wa mfalme, si upande wa Adili. Yaani ganda la nje limembadilisha msomaji kutoka msikilizaji kuwa hakimu, na hakimu hulisikiliza neno "jini" kwa sikio jingine kabisa. Hajiulizi kama majini wapo. Anajiuliza kama mtu huyu aliyesimama mbele yake anasema kweli.

Nadhani hiyo ndiyo hila yenyewe. Swali gumu lisilojibika linabadilishwa na swali dogo ambalo kila mmoja wetu amezoea kulijibu. Tena Shaaban Robert amemsaidia Adili kwa ushahidi usiotoka kinywani mwake. Kiboko kilionwa na mjumbe, mtu asiye na sababu ya kumpendelea. Manyani wako pale barazani, mfalme anawaona. Hivyo sehemu ya maelezo ya Adili inashikika, na msomaji anayeweza kushika sehemu hukubali kumezeshwa iliyobaki.

Lakini angalia ni sehemu gani inayoshikika. Mjumbe aliona kiboko, hakuona wivu. Mfalme anaona manyani, haoni ndugu. Kila kitu kinachomfanya Adili awe na haki kinatoka kwa Adili peke yake, na watu wawili ambao wangeweza kumpinga hawana ulimi wa kibinadamu. Hapo ndipo swali la mwalimu lilipotuchoma. Kijana mmoja alimjibu kwamba majina yanatosha: ukishaitwa Hasidi umeshahukumiwa. Ni kweli, ila majina hayo aliyewapa ni mwandishi, aliye nje ya maganda yote. Rai hawezi kuyatumia kama ushahidi, sisi ndio tunaoyatumia. Shaaban Robert hataki tumshuku Adili kwa muda mrefu, kwa hiyo anatunong'oneza kupitia majina.

Dada mmoja wa Kendu Bay akasema hilo ni la nyumbani kwao kabisa. Kule kuna ziwa dogo la volkeno, Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi, na wakati mwingine heroe hutua. Wazee husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bibi kizee alipita usiku wa ngoma na pombe, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha. Bibi akamwambia atoke na watu wake, kisha maji yakakimeza kijiji chote. Dada akauliza: sasa nani alikuja kutuhadithia? Aliyetoka tu ndiye angeweza. Na aliyetoka ndiye mtu pekee mwenye sifa njema katika hadithi nzima. Tukacheka, kisha tukanyamaza kidogo, maana inafanana mno na Adili. (Alituonya tusimpelekee nyanya yake maneno haya.)

Tofauti ni kwamba hadithi ya Simbi husimuliwa bila ganda. Hakuna anayesema "mimi niliambiwa na yule mwanamke." Kwa hiyo hakuna anayemuuliza mwanamke huyo maswali, ziwa lipo, basi. Dada alitujaribu papo hapo: akairudia hadithi akianza na "mvuvi mmoja mzee aliniambia kwamba mama yake mkubwa alitoka kijijini usiku ule." Mara tukaanza kuuliza. Mzee huyo ana umri gani? Alikuwa amekunywa? Shahidi aliyeongezwa ili tuamini ndiye aliyetufungulia mlango wa kushuku.

Waandishi wengine huufungua mlango huo kwa makusudi na kuuacha wazi. Henry James, katika hadithi yake ya mizimu ya mwaka 1898, anaanza na wageni wamekaa karibu na moto wakati wa Krismasi. Mmoja wao anawasomea maandishi ya mwalimu wa watoto, mwanamke aliyekwisha kufa, na kabla ya kusoma anamsifu sana. Sifa hizo zinatufanya tumwamini, mpaka tunapotambua kwamba msifu huyo alimpenda. Kisha hadithi ya ndani inaisha kwa kifo cha mtoto, na hatupelekwi tena kwenye moto. Hakuna mgeni hata mmoja anayesema "nimeamini" au "huyu mama aliota." Zaidi ya miaka mia moja baadaye watu bado wanabishana kama mizimu ilikuwepo, na nadhani wasingebishana sana hivyo kama James angewarudisha wale wageni kwa aya moja tu.

Shaaban Robert anaturudisha. Mfalme anaingilia kati, na mwishowe manyani wanarudi kuwa watu, jambo linalotokea nje ya maelezo ya Adili, kwa hiyo si neno lake tena. Mimi nililiona hilo ni jibu tosha na nikamwambia mwalimu: haya, sasa wana ulimi. Akakoroga chai yake. "Mwanangu," akasema, "hata wakikiri, wamekiri baada ya kiboko cha kila usiku. Wewe ungekuwa Rai, ungeupokea ushahidi wa namna hiyo?"

Kijana akasema Rai si mahakama, ni mfalme wa hadithi. Dada wa Kendu Bay akamuunga mkono mwalimu. Mimi bado niko na Adili, ingawa si kwa uhakika niliokuwa nao Ijumaa.